Barua kwa wanangu watatu: kwa nini shamba nimempa mmoja nikiwa hai

Wanangu,

Shamba nimemwandikia mwenzenu wa katikati, lote, ekari karibu sita, na hati mpya imekwishatoka kwa jina lake. Sababu nilizieleza kwenye kikao, lakini siku ile kila mmoja alikuwa na uchungu wake, na mwenye uchungu husikia nusu ya maneno. Wewe mkubwa uliniuliza, "Kwa hiyo baba, sisi wawili si wanao?" Wewe mdogo hukusema kitu, ukatoka nje. Sitaki swali lile wala ukimya ule vibaki bila jibu la maandishi. Na kwa kuwa nyote mmekubali barua hii isomwe pia na wazazi wengine wanaolifikiria jambo kama hili, nimeandika hatua tulizopita hata zile mnazozijua.

Nianze na shamba la babu yenu, maana uamuzi wangu ulianzia kule.

Babu yenu alifariki bila kusema nani achukue nini. Tulikuwa wanaume wanne, na shamba lilikuwa refu, likiteremka kutoka barabarani hadi mtoni. Kesi ilituchukulia miaka ya ujana wetu. Mwishoe tuligawana kwa njia iliyoonekana ya haki kuliko zote: vipande vinne virefu, kila kimoja kikianzia barabarani na kuishia mtoni, ili kila mtu awe na njia na kila mtu awe na maji. Kila kipande kilikuwa na upana wa mita 40 hivi. Hakuna aliyelalamika siku ile. Tulipeana mikono.

Kilichotuponza ni mwelekeo wa vile vipande. Kipande chembamba kinachoshuka na mteremko hakilimiki kwa kukinga mteremko. Ng'ombe wa plau hawajatembea vizuri, tayari wamefika mpakani na inabidi wageuzwe. Trekta ndiyo kabisa haiwezi. Kwa hiyo kila mmoja wetu alianza kulima kwa urefu, kutoka juu kwenda chini, na kila mfereji wa plau ukawa njia ya maji ya mvua. Mipaka ilikuwa mibaya zaidi. Mpaka ni kijia kisicholimwa, kimekanyagwa kikawa kigumu, na maji hayazami pale, yanakimbia. Korongo la kwanza lilianzia mpakani kati yangu na baba yenu mkubwa, na kwa kuwa lilikuwa mpakani, halikuwa la mtu. Kila mmoja alimngoja mwenzake alizibe.

Dalili zilikuwepo mapema, na nawaambia ili mzijue popote mtakapoziona. Juu ya shamba mahindi yalianza kuwa mafupi na ya manjano, huku ya chini yakistawi. Kokoto zikatokea juu ya ardhi pale ambapo zamani ulikuwa udongo mweusi. Mizizi ya mimea ikaachwa wazi baada ya mvua kubwa, na maji yaliyofika mtoni yalikuwa na rangi ya shamba letu. Kipande cha baba yenu mkubwa baadaye kiligawanywa tena kwa wanawe watatu, kila mmoja mita 13 kwa upana. Mnajua wenyewe kilivyo sasa. Hakuna anayekilima kwa moyo, na hakuna anayekubali kukiuza.

Mimi niliuza kipande changu kwa ndugu yangu, na kwa fedha ile, pamoja na akiba ya mama yenu, tukanunua shamba hili. Nalisema hili kwa sababu lina uzito kisheria na kifamilia. Shamba hili si urithi wa babu yenu, ni jasho letu wawili, mimi na mama yenu, na sahihi yake ilihitajika kama yangu. Nisingeweza kuligawa peke yangu, wala nisingethubutu.

Sasa litazameni lilivyo. Lina upana wa mita 120 na urefu wa mita 200, na kutoka juu hadi chini linashuka kama mita 20. Mteremko wa namna hiyo si mkali, lakini unatosha kabisa kuondoa udongo wote wa juu ndani ya umri wa mtu mmoja. Mwenzenu alipoamua kubaki, kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa makinga maji ya fanya juu. Nyie wawili mlikuwa mmekwishaondoka, hamkuiona ikifanyika, kwa hiyo niieleze.

Unachimba mtaro unaokata mteremko, upana sentimita 60 na kina sentimita 60, na udongo wote unautupa upande wa juu, ukawa tuta. Juu ya tuta unapanda majani ya malisho ili mizizi ilishike. Mvua ikinyesha, maji hutelemka na udongo wake, yanakutana na tuta, yanapunguza mwendo, na udongo unabaki pale. Mwaka hadi mwaka nafasi kati ya tuta moja na jingine inajisawazisha yenyewe, mpaka shamba linakuwa na ngazi. Letu lina mistari 13, kila mmoja ukivuka upana wote wa shamba. Ni zaidi ya mita 1,500 za mtaro, kwa jembe na sepeto. Juu kabisa, karibu na barabara, kuna mtaro mkubwa unaozuia maji ya barabarani yasiingie, na pembeni kuna njia ya maji iliyopandwa nyasi inayopokea ziada na kuipeleka chini taratibu. Mistari yote imelazwa kwa mteremko mdogo sana kuelekea njia hiyo.

Vitu hivyo vyote ni kitu kimoja. Mtaro wa juu ukijaa matope na asiwepo wa kuuzibua, maji yanavuka na kupiga tuta la kwanza. Tuta likikatika mahali pamoja, maji ya mstari mzima wa mita 120 yanakusanyika pale palipokatika na kushuka kwa nguvu kwenye tuta la pili, na la pili haliwezi kustahimili. Usiku mmoja wa mvua unaweza kufungua korongo kutoka juu mpaka chini. Ndiyo maana baada ya kila mvua kubwa mwenzenu huonekana akitembea shambani na sepeto begani. Hatembei kuangalia mazao, anaangalia matuta.

Nilikaa na mpima ardhi tukachora kila namna ya kugawa sehemu tatu. Tukigawa kwa urefu, kila mmoja anapata mita 40, mipaka miwili inakata mistari yote 13, na tunarudi kwenye shamba la babu. Anayekaa mbali akiacha matuta yake msimu mmoja, korongo litaanzia kwake na kuingia kwa ndugu yake. Tukigawa kwa upana, wa juu anapata barabara na udongo mwembamba, wa chini anapata kisima na udongo mnene lakini hana njia ya kutokea, na usalama wake unategemea kama wa juu amezibua mtaro. Huo ni ugomvi uliopimwa na kuwekewa mawe ya mpaka.

Mdogo, wewe uliniambia kwa simu, "Basi tuandike majina yote matatu kwenye hati moja." Nililifikiria kwa uzito, kwa sababu lilionekana la upendo. Wakili alituuliza maswali mawili. La kwanza: mmoja akifa, sehemu yake inabaki kwa ndugu walio hai au inakwenda kwa watoto wake? Hati ya pamoja huwa ya namna moja au nyingine, na watu wengi hutia sahihi bila kujua wamechagua ipi. Ikibaki kwa walio hai, watoto wa aliyetangulia kufa wananyimwa. Ikienda kwa watoto, na kila mmoja wenu akawa na watoto wanne, hati hiyo itakuwa na wenyewe 12 wasioishi pamoja. La pili: ni nani anayetia sahihi siku mwenye kulima anapotaka mkopo wa pampu, au kupanda miti ya mbao itakayovunwa baada ya miaka 15? Wote watatu, kila mara. Na mtu hapandi mti wa miaka 15 kwenye ardhi ambayo kesho anaweza kuambiwa aachie theluthi mbili. Hilo nililiona kwa macho. Kwa miaka mingi mwenzenu alipanda mahindi na maharage tu, na aliponiuliza, "Baba, nipande miti?" sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo shamba lilihitaji mwenye mmoja. Kwa nini yeye? Kwa sababu yuko pale, na amekuwepo muda mrefu bila mshahara. Simpi kwa kuwa nampenda zaidi. Mkubwa, wewe una kazi yako na nyumba yako mbali, na uliniambia mwenyewe kwamba hutarudi kulima. Mdogo, karakana yako inakushughulisha mpaka usiku. Ningewapa vipande, mngevikodisha, na anayekodi kwa msimu mmoja hazibui mtaro.

Jambo lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote: mtu mmoja achukue ardhi bila wawili kunyang'anywa haki yao. Hapa nitakwenda polepole, maana hapa ndipo mlipohisi mmeonewa.

Tulimwita mthamini asiyetufahamu, tukamwomba bei mbili: ya shamba kama lilivyo leo, na ya shamba kama lingekuwa bila makinga maji na bila kisima. Fedha nimeziacha nje ya barua hii, tuseme shamba la leo ni sehemu 100. Bila maendeleo yale lilikuwa sehemu 70. Kwa hiyo 30 zimeongezwa, na kwa kuwa kisima nilikigharamia mimi, tulikubaliana kwamba 20 ni jasho la mwenzenu. Hizo hazigawanywi. Kumgawia mtu jasho lake mwenyewe kama zawadi ni kumdhulumu.

Zikabaki 80, ambazo ni zetu, mimi na mama yenu. Lakini sisi hatuhami. Tutaishi ndani ya shamba hilo na kula kutokana nalo hadi mwisho wa uhai wetu, na ardhi yenye wazee wenye haki ya kukaa haina thamani sawa na ardhi tupu. Mzigo huo tulikadiria ni sehemu 15, na yeye ndiye ataubeba. Zikabaki 65.

Kisha nikafungua daftari. Mkubwa, masomo yako ya juu, zaidi ya yale niliyowalipia wote watatu, yalikuwa sawa na sehemu 12. Mdogo, mtaji wa karakana ulikuwa sehemu 10. Siwasimangi, nilitoa kwa furaha na ningetoa tena. Lakini wa katikati hakupata kitu kama hicho, na hesabu isiyotaja hayo ingekuwa ya uongo. Tukajumlisha 65 na 12 na 10, ikawa 87. Ukigawa kwa watatu, kila mmoja anastahili 29. Mkubwa umekwishapokea 12, unadai 17. Mdogo umekwishapokea 10, unadai 19. Wa katikati anachukua 29 zake ndani ya ardhi, na hawadai wenzake kitu, bali anadaiwa 36.

Angelazimika kulipa 36 kwa mkupuo, angeuza zaidi ya theluthi ya shamba na tungekuwa tumefanya kazi bure. Kwa hiyo atalipa sehemu 3 kila mwaka kwa miaka 12. Mwaka wa ukame malipo yanasogezwa mbele, hayafutwi. Na sehemu moja tuliipima kwa magunia ya mahindi, hatukuipima kwa fedha, kwa sababu kiasi kinachoonekana kikubwa leo kinaweza kuwa nauli tu baada ya miaka 12. Mkubwa, najua ulitaka fedha taslimu. Hili ndilo nililoweza.

Kuna masharti mengine mawili, na haya aliyapendekeza mwenzenu mwenyewe, kabla hata sijamwambia. Akitaka kuuza, lazima awape ndugu zake nafasi ya kwanza ya kununua. Na akiuza kabla deni halijaisha, lililobaki linalipwa lote siku ile ile kutoka kwenye mauzo. Alisema, "Baba, andika, ili asiwepo wa kusema nilikubembeleza." Nataka mjue kwamba naye hakulala vizuri. Aliogopa kupata shamba na kupoteza ndugu.

Kwa wazazi watakaosoma, niseme kuhusu karatasi, maana zawadi ya ardhi haikamiliki kwa maneno. Tulianza ofisi ya ardhi kuhakikisha hati haina mkopo wala zuio. Kisha mpima akatafuta bikoni, zile alama za mpaka, na tukakuta upande mmoja ua wa jirani umeingia kwetu. Haya ni mambo ya kumaliza kabla ya kuhamisha, usimrithishe mwanao kesi. Wakili aliyeandika hati ya zawadi alikuwa wangu. Mwanangu alimtafuta wa kwake. Siku ya kutia sahihi wakili alimtoa nje, akatuuliza mimi na mama yenu, kila mmoja peke yake, kama kuna aliyetushinikiza na kama tunajua kwamba zawadi ikisajiliwa hatuwezi kuirudisha kwa kubadili mawazo. Mashahidi walikuwa watu wasio na faida yoyote kwenye shamba. Daktari aliandika kwamba akili yangu ni timamu. Wapo waliocheka, lakini hati inayotiwa sahihi na mzee aliye kitandani ndiyo inayopingwa kwa urahisi mahakamani, na mimi nilitaka kutia sahihi nikiwa naweza kwenda shambani kwa miguu yangu.

Haki yetu ya kuishi na kutumia nyumba, kisima na bustani haikuachwa kwenye ahadi. Imesajiliwa juu ya hati yenyewe, hivyo hata shamba likienda kwa mwingine, au Mungu apishe mbali mwenzenu akatutangulia, hakuna wa kututoa. Deni la sehemu 36 limeandikwa kwenye mkataba wenu watatu, na kila mmoja ana nakala yenye sahihi. Hati ya zawadi iliyofungiwa sandukuni bila kusajiliwa ni karatasi tu, kwa hiyo tulisubiri mpaka hati mpya ikatoka. Sheria za kodi, ada na ridhaa hutofautiana, muulizeni wakili wa mahali mlipo kabla ya kulipa chochote.

Mtaniuliza kwa nini sikuandika wasia tu, nikabaki mwenye mali hadi mwisho. Wasia ningeweza kuubadilisha, ni kweli, na hiyo ingenilinda. Niliogopa, sikatai. Mama yenu alilia usiku ule kabla ya kwenda kwa wakili, akasema, "Tukimaliza hapa, hatuna tena kitu chenye jina letu." Lakini wasia unafunguliwa nikiwa sipo. Hasira zenu zingemwangukia ndugu yenu, na asingekuwa na majibu ya maswali ambayo ni yangu kujibu. Mkiwa na hasira sasa, ziko kwangu, na mimi nipo. Njooni mniulize. Daftari liko, hesabu ya mthamini iko, na kama mna hoja kwamba zile 12 au zile 10 nilizikadiria vibaya, mkataba unaturuhusu kuzirekebisha kwa ridhaa ya wote watatu mradi malipo ya kwanza hayajafanyika.

Suala la ua wa jirani limekubaliwa kwa maandishi, na mpima atarudi kuweka bikoni mbili mpya kabla ya mvua. Nawaomba mje wote siku hiyo. Mkubwa, wewe utashika upande wa barabara, mdogo upande wa kisima, ili kila mmoja wenu aijue mipaka kwa macho yake na aweze kuionyesha kwa watoto wake. Tarehe nitawapigia simu.

Baba yenu